Chupa ya Kunyweshea Cherehani

Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kujisifu kwamba nyumbani kwake mtoto hawezi kudhurika, basi ni Mama Pindo. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu hakuna aliyejua kukunja pindo la gauni kama yeye: likishakunjwa halionekani, na ukilivuta halifumuki. Chumba chake cha mbele ndicho kilikuwa karakana. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia ilikaa katikati, na ukuta mzima ulijaa nguo za watu zikining'inia zikisubiri wenyewe, wengine wakiwa wamesahau hata kwamba walileta nguo.

Binti yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya asubuhi, na kila siku kabla ya kwenda kazini alimpitisha mwanawe kwa bibi yake. Kasichana hako kalikuwa ndiyo kwanza kamejua kukimbia, na Mama Pindo alikaita Kifungo, maana kalikuwa kadogo, ka mviringo, na ukikageuzia mgongo tu kameshapotea chini ya meza. Tangu Kifungo aanze kutambaa, bibi aliipindua karakana yote. Pini zote zilipanda rafu ya juu. Mikasi ilitundikwa msumarini. Vifungo vilifungiwa ndani ya mikebe yenye vifuniko vigumu. Hata ile tabia yake ya ujana, ya kubana pini midomoni akipima nguo, aliiacha kabisa, kwa sababu siku moja alimkuta Kifungo ameketi sakafuni amebana kipande cha uzi midomoni, kamkazia macho mwanasesere kana kwamba anampima kiuno. Alicheka mpaka akatoka machozi, kisha akaogopa. Tangu siku hiyo pini zilikaa kwenye kimto kidogo cha pamba alichojifunga mkononi.

Mtu makini, basi. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye maneno yalisemwa mtaani, na mengi yalikuwa ya watu ambao nyumbani kwao mtoto angeweza kuokota wembe akanyoa paka.

Lakini Mama Pindo alikuwa na ugonjwa mmoja wa mafundi: hatupi kitu. Kipande cha kitambaa kisichotosha hata mfuko wa shati kilihifadhiwa. Zipu ya suruali iliyokufa ilihifadhiwa. Na kitu alichokithamini kuliko vyote siku hizo kilikuwa vichupa vitupu vya kitinda mimba wake.

Kijana huyo alikuwa fundi simu, na alikuwa mvutaji sigara tangu alipoota ndevu. Mama yake alimsema hadi akachoka. Halafu siku moja akaja na kidude cha kuvutia cha umeme, anavuta, anatoa moshi mweupe wenye harufu ya matunda, na kumwambia mama yake kwamba sigara ameacha. Mama Pindo alimuuliza kuna nini ndani ya hayo maji anayokijazia. Kijana akacheka, akamwambia asiwe na wasiwasi, hakuna kitu humo, ni mvuke tu na ladha. Mama akamshukuru Mungu. Hakuuliza tena. Ukitaka sana kusikia jambo, hulichunguzi.

Maji yale ya kujazia yalikuja katika vichupa vya plastiki laini, vyenye mdomo mrefu mwembamba. Mama Pindo alipokiona cha kwanza kimetupwa kwenye pipa, alikiokota kama aliyeokota pete. Fundi yeyote wa cherehani atakuelewa. Lile kopo la mafuta la chuma huwa linamwaga tu, na tone moja likikosea njia linaharibu gauni la watu. Kichupa hiki unakibinya kidogo, tone moja linaingia pale pale penye tundu, basi. Akamwagiza kijana amletee kila kinachoisha. Karatasi yenye maandishi aliiloweka na kuibandua, kwa sababu gundi yake ilinata vidole na vidole vikanata kitambaa. Na kifuniko, ambacho lazima ukikandamize huku unakizungusha, kilimtesa. Vidole vyake vilishaanza kuuma viungo. Kwa hiyo alikichokonoa kwa ncha ya mkasi, akakitoa kabisa, na kuvika mdomo wa kichupa kipande cha sifongo. Hakujua kwamba kile kifuniko kilitengenezwa kigumu hivyo kwa ajili ya watu wa saizi ya Kifungo.

Kupaka mafuta ukawa mchezo wao wawili. Kila asubuhi Mama Pindo aliinamisha kichwa cha cherehani, akamkalisha mjukuu kwenye goti, akachukua kichupa na kusema, "Bibi Cherehani ana kiu. Tumnyweshe?" Kifungo alipiga makofi. Tone hapa, tone pale. Mtoto alifungua kinywa chake kila cherehani ilipopewa tone, kama mama anayelisha mtoto na yeye mwenyewe akatanua mdomo.

Siku ile kijana alipita asubuhi akiwa na haraka zake, akaweka kichupa mezani na kuondoka. Hakikuwa kitupu. Ladha yake ilimchosha, akanunua nyingine, na ile ya zamani ikabaki kama robo. Mama Pindo alikibandua karatasi, akatoa kifuniko kwa mkasi kama kawaida, na alikuwa njiani kwenda kumwaga yaliyobaki ndipo Mama Duka, jirani wa nyumba ya pili, alipoingia kujaribisha gauni lake la harusi ya mdogo wake. Mama Pindo akakivika kichupa sifongo, akakirudisha pale pembeni ya cherehani, akasema moyoni atamwaga baadaye.

Mama Duka alikuwa mwanamke wa haja, na gauni lilishonwa kabla hajaongeza mwili. Walihangaika nalo. Alisimama juu ya kigoda, pini zimemzunguka kiunoni, anaambiwa avute pumzi, anasema ameshaivuta yote iliyopo. Walikuwa wanacheka. Nyuma yao, kitambaa kilichoachwa kikining'inia kutoka kwenye cherehani kilivutwa, na kichupa kikadondoka kwenye kapu la mabaki ya vitambaa, bila sauti yoyote.

Mama Pindo alipogeuka kuchukua chaki, Kifungo alikuwa ameketi kando ya kapu, mdomo wa kichupa uko kinywani, kidevu kimelowa, na kifuani fulana imelowa. Chumba kilinukia matunda. Alimpokonya upesi, akamtazama mdomoni kama kuna kile kipande cha sifongo, akakikuta sakafuni. Na hapa ndipo moyo wake ulipotulia pasipostahili. Alifikiri: si pini. Ni yale maji ya ladha. Akamfuta kidevu kwa upindo wa kanga yake, akamwambia Mama Duka kwamba huyu mtoto siku moja atakula meza, na akarudi kwenye gauni.

Haikuchukua muda. Kifungo alianza kutoa udenda, mwingi, unatiririka hadi shingoni. Halafu akatapika. Akalia kilio kifupi, akatapika tena, na alipoinua uso ulikuwa umepauka, jasho limemtoka kipajini kama mtu mzima mwenye homa. Mama Pindo alimshika mkono akauona unatetemeka. Mtoto hakulilia kunyanyuliwa. Alimtazama tu bibi yake, na macho yake hayakuwa na shauku ya kitu chochote.

Hapo akajua kwamba mtoto ameshadhurika.

Mama Duka alishuka kigodani, pini na yote, akakimbilia kwake na kurudi na kikombe cha maziwa. Wote wawili walilelewa hivyo: mtoto akila sumu, mpe maziwa yaivunje, na yakishindikana mtie kidole kooni atapike. Hakuna aliyewahi kuwaambia vinginevyo. Mama Pindo alimpakata mtoto, akamwinua kichwa, akakiweka kikombe mdomoni. Wakati huo huo Mama Duka alikuwa ameshapiga namba ya dharura na kuweka simu kwa sauti, na aliyepokea akawaunganisha na mtaalamu wa sumu, mwanamke, aliyeuliza kama mtoto amepewa chochote.

Mama Duka akajibu kwamba ndiyo kwanza anapewa maziwa.

"Ondoa kikombe," ile sauti ikasema. "Msimpe maziwa, wala maji ya chumvi, wala mafuta. Msimtapishe. Akilegea huku ana kitu tumboni, kitampalia na kuingia mapafuni."

Mama Pindo aliondoa kikombe kwa namna ambayo maziwa yote yalimwagika kwenye gauni la harusi. Hakuna aliyelitazama.

Sauti ile haikupanda wala haikushuka. Iliwaambia kwamba gari la wagonjwa limeshatumwa. Iliwaagiza wamfute mtoto mdomoni kwa kitambaa chenye maji, ndani ya mashavu na ufizini, kwa upole. Wamvue fulana, kwa kuwa maji yale hupita hata kwenye ngozi, wamwoshe kidevu, shingo na kifua kwa maji mengi na sabuni, na yeye bibi anawe mikono. Kisha wamlaze kwa ubavu, na waangalie kifua chake kinavyopanda na kushuka; kikisimama, wapige kelele, naye atawafundisha la kufanya. Mama Pindo alifanya yote. Mikono iliyokuwa imekunja mapindo ya nusu ya mtaa ilihangaika kuvua kifulana kidogo.

Halafu lile swali likaja. Kichupa ni cha nini, na kimeandikwaje?

Hakikuandikwa kitu. Karatasi alishaibandua, ikalowa majini ikawa uji. Mama Pindo akasema ni maji ya sigara ya umeme, lakini hayana kitu, ni ladha tu, mwanawe ndivyo alivyosema. Ile sauti ikasema mama, mpigie mwanao sasa hivi kwa simu nyingine, na umuulize nguvu ya nikotini iliyokuwa ndani.

Kijana alipokea akiwa kazini. Alianza kwa kusita. Alisema ni kidogo tu. Alisema zipo zisizo na kitu kabisa. Alikuwa mtu mzima anayejitafutia riziki yake, na bado aliogopa kukamatwa uongo na mama yake.

"Kifungo amekunywa," Mama Pindo akamwambia. "Amelegea mikononi mwangu. Nipe ukweli, baba, hata kama unaniua."

Kijana akaitaja, ile nguvu kubwa kuliko zote, aliyokuwa akinunua kwa sababu ile hafifu ilimrudisha kwenye sigara. Alipomaliza alikuwa analia. Mama Duka aliirudia kwenye ile simu nyingine neno kwa neno. Ile sauti haikumlaumu mtu. Ilisema wachukue kichupa na yaliyobaki, wakifunge kwenye mfuko wa plastiki, kiende hospitali pamoja na mtoto, na kwamba sasa hivi anawaarifu madaktari wanaowasubiri.

Ndani ya gari la wagonjwa Kifungo alianza degedege. Mwili mdogo ulikakamaa ukatikisika, muuguzi akamgeuza ubavu, akamfyonza udenda kwa mrija, akamchoma dawa, na mtetemeko ukakatika. Lakini baada yake ilikuja hali mbaya zaidi: utulivu. Mikono ikaanguka. Kifua, ambacho Mama Pindo hakuwa amekiachia macho hata mara moja, kilipanda, kikangoja, kikapanda tena kwa uvivu. Muuguzi akamfunika mtoto barakoa usoni na kuanza kuminya mfuko wa hewa kwa mkono, akimpumulia. Mama Pindo akajikuta anavuta pumzi kila mfuko ulipominywa, kinywa wazi, kama yule mtoto alivyokuwa akifanya kila cherehani ilipopata tone. Alipojitambua alijiuma mkono ili asipige kelele.

Hospitalini walimnyang'anya na kufunga mlango. Binti yake alimkuta kwenye benchi, amevaa ndara moja, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Binti alikuwa na unga wa kiwandani kwenye nywele. Hakuketi. Aliuliza jambo moja tu.

"Kifuniko alitoa nani?"

"Mimi."

Binti akatikisa kichwa taratibu, akaenda kukaa mwisho wa benchi. Mama Pindo angependelea kofi. Kofi lina mwisho wake.

Kijana naye alikuja, akasimama ukutani mbali na wote wawili, na hakuna aliyemwita karibu.

Daktari aliyetoka alikuwa mwanamke mwenye sauti ya uchovu, na aliwaeleza bila kuzunguka. Nikotini ikiingia kwa mtoto mdogo, kwanza humchangamsha vibaya: kutapika, udenda, jasho, moyo kwenda mbio, kutetemeka. Kisha humzima: moyo unapungua kasi, misuli inalegea, na ile misuli ya kupumua ni misuli pia. Hakuna dawa ya kuifuta mwilini. Wanachofanya ni kumpumulia kwa mashine, kuuinua moyo kwa dawa ukishuka mno, na kuzuia degedege isirudi, mpaka mwili wenyewe uitoe. Kujua nguvu ya yale maji kuliwasaidia kujiandaa kabla hajafika. Alisema pia kwamba hata mtoto anayeonekana mzima baada ya kulamba kidogo asibaki nyumbani kungojwa. Simu ipigwe palepale, maana dalili zinaweza kuchelewa.

Halafu akauliza kama kuna kitu kingine cha namna hiyo nyumbani. Vipisi vya sigara kwenye kisahani cha majivu? Vile vipakiti vidogo vyeupe ambavyo watu hubana kwenye ufizi? Alisema vipakiti hivyo, hata vikishatumika na kutupwa, bado vina nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto, na vina ladha ya peremende. Kijana aliinamisha kichwa, akageuka na kutoka. Walijua baadaye kwamba alienda moja kwa moja kwa mama yake, akapekua dirisha, mifuko ya koti lake, chini ya godoro alilolalia kila alipokuja, na mkebe wa vipisi alioficha nyuma ya nyumba tangu enzi zile alizosema ameshaacha. Akavifungia vyote na kuviondoa. Hakuomba msamaha kwa maneno.

Wakakaa. Mchana uliisha, na usiku wake sitausimulia. Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, mlango ukafunguliwa na muuguzi akasema mtoto anapumua mwenyewe, mrija umetolewa, na amekasirika sana. Kweli, kilio chake kilisikika koridoni, kikavu, cha koo lililokwaruzwa. Binti alikimbia. Mama Pindo alisimama, akaketi tena. Alilia peke yake pale benchini, kwa sauti, bila haya.

Kifungo alirudi nyumbani mzima. Lakini hakurudishwa kwa bibi. Binti aliomba ruhusa kazini, kisha akamwachia mtoto jirani yake, na kwa mama yake alipita bila mtoto, akisalimia mlangoni. Mama Pindo hakuuliza. Alilirudia lile kopo la chuma, akalifungia kabatini pamoja na kila kitu cha kumdhuru mtoto. Gauni la Mama Duka alilifua, likatoka doa, akalipanua kiunoni, na Mama Duka akalivaa harusini akamsimulia kila aliyetaka kusikia kuhusu maziwa, kwamba asimpe mtoto aliyekunywa sumu maziwa kabla ya kupiga simu. Wateja waliingia na kutoka. Karakana ilikuwa na kimya kibaya, na fundi alikuwa akigeuka kila mara kutazama chini ya meza.

Asubuhi moja mlango ukafunguliwa, na binti alikuwa amembeba Kifungo kwa mkono mmoja na mfuko wa nguo zake kwa mwingine. Jirani alikuwa anahama. Alilisema hilo kwa haraka, kana kwamba ni sababu pekee.

Hakuukabidhi mfuko. Alimweka mtoto chini, kisha yeye mwenyewe, na sare ya kiwandani, akapiga magoti. Akaitazama karakana kutoka pale chini. Mama Pindo alielewa, na ingawa magoti yake hayakumpenda, naye akashuka. Kutoka huko, chumba alichokifanyia kazi miaka yote kilikuwa chumba kingine. Aliona upindo wa kitambaa unaoning'inia kama kamba ya kuvutia. Aliona kabati, na chini yake ufa wa kupitisha vidole. Akauvuta upindo ule, akaukunja juu. Akasukuma kabati hadi ukutani.

Kifungo akapita katikati yao, akaenda hadi kwenye cherehani, akaipapasa mguu wake wa chuma. Akageuka kwa bibi yake, akatanua kinywa.

"Kiu," akasema.

Binti alikauka. Mama Pindo alitembea kwa magoti mpaka alipo mtoto, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Hapana, mama," akamwambia. "Mashine hainywi. Bibi alikudanganya."

Akalirudia, taratibu, mpaka mtoto akafunga kinywa. Nyuma yake alisikia mfuko wa nguo ukiwekwa kwenye kiti, na binti yake akisema kwamba zamu inaisha saa zile zile, atapita kumchukua.